Uzi: Barua ya kuomba kubadilishiwa msimamizi wa tasnifu, naomba mnisaidie kuipima kabla sijaipeleka idarani

#1 Mwana wa Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Kiswahili, mwaka wa pili, katika chuo kimoja cha huku Moshi ambacho naomba nisikitaje. Nataka kumwandikia mkuu wa idara kuomba kubadilishiwa msimamizi wa tasnifu, na ninataka barua iwe ya heshima, kwa sababu msimamizi wangu ni mtu mzima aliyenifundisha hata shahada ya kwanza, na nitaendelea kukutana naye koridoni hata ombi likikubaliwa.

Mada yangu ya mwanzo ilihusu methali katika mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa huku Kibosho, na nikapewa msimamizi ambaye ni mtaalamu wa fasihi simulizi, jambo lililokuwa sahihi kabisa. Nilipokwenda uwandani kwa utafiti wa awali nikakuta methali ni chache mno, ila kuna jambo jingine lililojaa tele. Mwenyekiti anafungua mkutano kwa Kiswahili, katibu anasoma mapato na matumizi kwa Kiswahili, lakini mjadala ukifika kwenye makato ya bei na madeni ya pembejeo wanachama wanahamia Kichaga, kisha wanarejea Kiswahili wakati wa kupiga kura. Nikabadili mada iwe ya kubadili msimbo katika mikutano hiyo, na semina ya idara ikaipitisha. Mada ikahamia isimujamii, msimamizi akabaki yuleyule.

Aya kuu ya rasimu yangu inasema hivi:

"Ninasikitika kukuarifu kwamba msimamizi wangu ameshindwa kuniongoza kwa kuwa hana ujuzi wa isimujamii, na maoni yake yamekuwa yakinirudisha nyuma. Aidha, amekuwa akichelewa mno kurudisha kazi zangu. Kwa sababu hizo ninaomba nipewe msimamizi mwingine haraka iwezekanavyo ili nihitimu kwa wakati."

Je, imekaa vizuri? Na je, barua hii inapaswa kupitia kwa msimamizi mwenyewe?

#2 Kahawa Chungu
Mleta uzi, hiyo ni hati ya mashtaka iliyovalishwa "ninasikitika". Umemwambia mkuu wa idara kwamba mtu aliyemteua yeye mwenyewe hana ujuzi, halafu ukamwagiza afanye haraka. Ni kama mgeni anayeukosoa mchuzi kabla hajakaribishwa kunawa mikono.

Kuhusu swali la pili, barua yoyote ya mwanafunzi wa uzamili hupita K.K. msimamizi. Bila hivyo masijala wanakurudishia.

#3 Bi Mkubwa wa Njiro
Mwanangu, pole sana. Mambo ya namna hii yanatokea vyuoni na wanafunzi wengi wanayanyamazia. Usihangaike na mkuu wa idara, kwa kuwa wanaweza kulindana. Nenda moja kwa moja dawati la jinsia la chuo chenu, ueleze alichokufanyia, na usiwe na woga.

#4 Mwana wa Kibosho
Shikamoo mama. Nakushukuru kwa kunijali, lakini hajanifanyia ubaya wowote wa aina hiyo. Tunachopishana naye ni taaluma tu.

#5 Mratibu Mstaafu
Nimewahi kuratibu masomo ya uzamili kwa miaka kadhaa katika chuo kimoja, kwa hiyo nimezipokea barua za namna hii na kukaa kwenye vikao vilivyozijadili.

Nianze na Bi Mkubwa wa Njiro, kwa sababu kauli yake ni sahihi ingawa haihusu jambo hili. Mwanafunzi aliyeombwa rushwa ya ngono, au anayetishwa, hapaswi kuandika barua ya kuomba kubadilishiwa msimamizi na kulificha jambo lenyewe ndani yake. Hilo ni lalamiko la kinidhamu na lina njia yake, ambapo mwenendo wa mtu unachunguzwa. Ombi la kubadilishiwa msimamizi ni jambo la kitaaluma, na wanaolijadili hawana mamlaka ya kumchunguza mtu.

Sasa nikurudie wewe, mleta uzi. Una sababu moja nzito, na umeiacha nje ya barua. Umeisimulia hapa kwenye uzi kwa sentensi fupi, kwamba mada ikahamia isimujamii na msimamizi akabaki yuleyule. Sababu hiyo haihitaji mtu yeyote kuonekana mbaya. Mkuu wa idara ataipeleka kwenye kikao na katibu ataiandika kwenye muhtasari bila kumvunjia heshima mwenzao: idara ilibadili mada, haikupitia upya usimamizi, sasa inarekebisha. Lakini ukiandika kwamba msimamizi hana ujuzi, kikao kitalazimika kuamua kama ni kweli, na hakuna kikao cha idara nilichokiona kikiamua hivyo dhidi ya mwenzao kwa maneno ya mwanafunzi.

Nina maswali mawili. Je, kubadilika kwa mada kumeandikwa kwenye muhtasari wa semina? Na je, barua yako ya uteuzi wa msimamizi ina mada ipi?

#6 Mwana wa Kibosho
Asante sana, mkuu. Semina ilikuwa tarehe 17 Januari mwaka huu wa 2025, na ninayo nakala ya muhtasari yenye mada mpya. Barua ya uteuzi wa msimamizi ni ya mwaka jana na ina mada ya methali.

Ili mpate picha ya tatizo lenyewe, katika sura ya nne niliweka kipande cha mazungumzo nilichokinukuu kutoka kwenye kinasa sauti. Mwanachama mmoja anauliza kwa Kiswahili kwa nini kilo zake zimeandikwa pungufu, katibu anamjibu kwa Kiswahili, kisha mwanachama anarudia swali lilelile kwa Kichaga, na wanachama wengine wanacheka. Kwangu mimi hapo ndipo penye data, maana swali ni lilelile lakini kwa kubadili lugha limekuwa la watu wote. Msimamizi amekikata kipande chote kwa mstari wa mshazari wa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: "Methali iko wapi hapa?"

#7 Kahawa Chungu
Kumbe mzee bado yuko kwenye tasnifu ya mwaka jana. Wewe umeshuka, yeye hajui kwamba gari limefika.

#8 Fundi Sanifu
Mimi nina mashaka na upande wa pili. Inawezekana msimamizi ana haki ya kuuliza hivyo. Malengo mahususi yanasemaje? Wanafunzi wengi hubadili mada juu ya jalada, huku sura ya pili ikiendelea kupitia kazi tangulizi za mada ya zamani. Kama sura yako ya pili bado ina kurasa za methali, msomaji yeyote makini atazitafuta methali hizo katika sura ya nne. Kabla ya kuandika barua, hakikisha kazi yenyewe imehama pamoja na mada, kwa sababu mkuu wa idara akimuuliza msimamizi, jibu la kwanza litakuwa hilo.

#9 Mwana wa Kibosho
Malengo yalibadilika pamoja na mada na yapo kwenye pendekezo lililopitishwa. Sura ya pili ina sehemu moja ya methali, ambayo msimamizi mwenyewe aliagiza nisiiondoe.

#10 Msomi wa Jioni
Nionavyo, hapa hakuna suala la ujuzi. Mhadhiri mwenye miaka mingi kazini hawezi kushindwa kuelewa kubadili msimbo ni nini. Ameumia. Mada ya methali pengine ilitoka kwenye eneo lake, alikuwa na matumaini nayo, na mwanafunzi ameiacha. Agizo la kubakiza sehemu ile ya sura ya pili ndilo linaloonyesha hivyo. Katika hali hiyo, barua rasmi itamwongezea jeraha, ilhali mazungumzo ya nusu saa ofisini kwake yangemaliza jambo.

#11 Kahawa Chungu
Au ana wanafunzi wengi mno na anazisoma kazi zao usiku, huku akiwa na mada za zamani kichwani. Wahadhiri wetu wana madarasa, wana vyeo vya utawala, na bado wanapangiwa tasnifu juu yake. Hapana aliyeumia, kuna aliyechoka tu.

#12 Mtoto wa Tengeru
Naomba nilete kisa changu kutoka Arusha, ingawa ni cha sayansi. Sikubadilishiwa msimamizi, niliongezewa msimamizi mwenza, na wengi wenu mtaishia kupendekeza hivyo. Tahadharini. Kwa muhula mzima nilikuwa napokea maoni yanayopingana: mmoja ananiambia niongeze sampuli, mwingine ananiambia nilizonazo zinatosha niendelee na uchambuzi. Nikimtii huyu, yule ananiuliza kwa nini sikumsikiliza. Kilichonitoa hapo ni kuomba tukae watatu, nikaandika yale tuliyokubaliana kwenye ukurasa mmoja, nikawaomba wote wawili waweke sahihi, na tangu siku hiyo kila maoni mapya nilikuwa nayapima kwa ukurasa ule. Lakini ilibidi niwe na ujasiri wa kuwaomba, na si kila mwanafunzi anao.

#13 Bi Mkubwa wa Njiro
Nimerudi kusoma tangu mwanzo na sasa nimeelewa. Basi naongeza jambo kama mzazi niliyesomesha: barua hiyo uinakili kwa Tume ya Vyuo Vikuu, ili idara wajue kwamba unaangaliwa.

#14 Mratibu Mstaafu
Mama, kwa heshima, hilo lingemharibia. Mtu huenda kwenye Tume baada ya ngazi za chuo kushindwa, na hapa hata ngazi ya kwanza haijaguswa. Mkuu wa idara akiona nakala ya barua imekwenda Dar es Salaam au Dodoma kabla yeye hajajibu, atauliza amekosa nini, na jibu lake litaandikwa kwa kujilinda. Nakala zinazotosha ni mbili, moja kwa msimamizi wa sasa na nyingine kwa mratibu wa uzamili wa idara.

Hapo namjibu pia Kahawa Chungu wa #2. K.K. msimamizi huhitajika pale ambapo anatakiwa kuidhinisha kilichomo, kama vile taarifa ya maendeleo, ombi la kuongezewa muda au kuwasilisha rasimu ya mwisho. Barua inayomhusu yeye mwenyewe ukiipitisha kwake unamlazimisha atoe maoni juu ya nafasi yake, na barua inaweza kulala mezani kwake kwa wiki nyingi bila yeye kuwa na nia mbaya. Ipitie kwa mratibu, naye msimamizi apate nakala.

#15 Kahawa Chungu
Mkuu, mimi nasema nilichokiona. Mwenzangu mmoja barua yake ilirudishwa masijala kwa kukosa sahihi ya msimamizi. Vyuo havifanani.

#16 Mratibu Mstaafu
Havifanani, ni kweli. Aulize masijala kabla ya kuchapa, swali la dakika moja.

Sasa kuna jambo ambalo wanafunzi hawalioni kwa kuwa hawaingii kwenye vikao. Mleta uzi, katika idara yenu wako wangapi wanaofundisha isimujamii katika ngazi ya uzamili?

#17 Mwana wa Kibosho
Yuko mmoja tu aliye kazini. Mwingine yuko masomoni.

#18 Mratibu Mstaafu
Ndicho nilichokuwa nakihofia. Huyo mmoja ndiye ambaye idara inamtunza awe mtahini wako wa ndani. Msimamizi hawezi kuitahini tasnifu aliyoisimamia, kwa hiyo akihamishiwa kwenye usimamizi, idara inabaki bila mtahini wa ndani wa eneo hilo, na itabidi iombe mtu wa idara nyingine au wa chuo kingine, ambako kuna barua, kuna kusubiri na kuna malipo. Mkuu wa idara anaweza kuona hoja yako ina mashiko na bado akakataa kwa sababu hii, wala asikwambie. Utapokea tu barua fupi ya kukutaka uendelee na msimamizi uliyenaye.

Kwa hiyo barua nzuri inampa mkuu wa idara nafasi ya kuchagua. Omba usimamizi upangwe upya kulingana na mada, useme utapokea ama msimamizi mpya ama msimamizi mwenza, na jina uliache mikononi mwa idara. Ukitaja jina la yule mmoja, watu watadhani mmekwishakubaliana pembeni, na yeye pia utamweka mahali pabaya mbele ya mwenzake.

#19 Msomi wa Jioni
Na lile la kuchelewesha kazi je? Mimi ningelibakiza, maana lina ushahidi wa tarehe, na tarehe haziwezi kupingwa.

#20 Mwana wa Kibosho
Tarehe ninazo. Sura ya tatu niliiwasilisha 3 Februari ikarudi 10 Machi. Sura ya nne niliiwasilisha 24 Machi ikarudi 5 Mei.

#21 Fundi Sanifu
Wiki tano na wiki sita. Kuna watu humu wangefanya sherehe.

#22 Mratibu Mstaafu
Fundi Sanifu ametania lakini amegusa penyewe. Soma mwongozo wa uzamili wa chuo chako uone msimamizi amepewa muda gani wa kurudisha sura. Kama amezidisha kidogo tu, hoja hiyo ni dhaifu, na hoja dhaifu ikikaa jirani na hoja nzito, wajumbe huijibu ile dhaifu. Watasema mhadhiri alikuwa na mitihani ya kusahihisha, kikao kitacheka, na suala la mada litapita bila kujadiliwa. Iondoe. Ukiona lazima tarehe zionekane, ziweke kwenye jedwali la kiambatisho bila neno lolote la kulaumu.

#23 Msomi wa Jioni
Sikubaliani, mkuu. Mwanafunzi ambaye hakuandika kucheleweshwa sasa hatakuwa na la kusema baadaye atakapoomba kuongezewa muda, na kuongezewa muda mara nyingi huja na ada. Kama hakuna kumbukumbu, gharama itakuwa yake peke yake.

#24 Mratibu Mstaafu
Kumbukumbu hiyo ina mahali pake, nayo ni taarifa ya maendeleo ya kila muhula, ambamo tarehe za kuwasilisha na kurudishiwa huandikwa na pande zote mbili huweka sahihi. Akiijaza vizuri ina nguvu kuliko barua. Lakini nakubali kwamba wengi huijaza kwa mstari mmoja, "maendeleo ni mazuri", na hapo ndipo hoja yako inapopata uzito.

#25 Mwana wa Kibosho
Wakuu, nimeiandika upya. Naomba mniambie bila kunionea haya.

S.L.P. ——,
Moshi.
12 Mei 2025

Mkuu wa Idara ya Kiswahili,
S.L.P. ——,
Moshi.

K.K. Mratibu wa Masomo ya Uzamili,
Idara ya Kiswahili.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: OMBI LA KUPANGWA UPYA KWA USIMAMIZI WA TASNIFU KUFUATIA MABADILIKO YA MADA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika Kiswahili. Nilipoanza utafiti, mada yangu ilihusu matumizi ya methali katika mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa, na idara ilinipangia msimamizi ambaye ni mbobezi wa fasihi simulizi. Ninamshukuru kwa dhati kwa mwongozo alionipa katika kuandaa pendekezo la utafiti na zana za kukusanyia data, ambazo ndizo nilizozitumia uwandani.

Baada ya utafiti wa awali, semina ya idara ya tarehe 17 Januari 2025 iliridhia mada yangu ibadilike na kuhusu kubadili msimbo kati ya Kiswahili na Kichaga katika mikutano hiyo. Kwa mabadiliko hayo, kazi imehama kutoka uwanja wa fasihi simulizi kwenda uwanja wa isimujamii, wakati barua ya uteuzi wa msimamizi ingali na mada ya awali.

Kwa heshima, ninaiomba idara ione uwezekano wa kupanga upya usimamizi wa tasnifu yangu ili ulingane na mada iliyoridhiwa, ama kwa kunipangia msimamizi wa eneo la isimujamii, ama kwa kumteua msimamizi mwenza wa eneo hilo atakayeshirikiana na msimamizi wangu wa sasa. Ninauacha uamuzi huo kwa busara ya idara. Data zote zimekwisha kukusanywa, na sura tatu za mwanzo pamoja na rasimu ya sura ya nne zipo tayari kwa ajili ya msimamizi atakayeteuliwa.

Nimemweleza msimamizi wangu kusudio la kuandika barua hii. Ninaambatisha nakala ya muhtasari wa semina na ya barua ya uteuzi wa msimamizi.

Ninatanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
(sahihi, jina na namba ya usajili)

Nakala: Msimamizi wa tasnifu

#26 Kahawa Chungu
Hii sasa hata mimi ningeisaini. Ila umeandika kwamba umemweleza msimamizi. Umemweleza lini?

#27 Mwana wa Kibosho
Bado. Nitakwenda kesho asubuhi kabla ya kuipeleka.

#28 Fundi Sanifu
Basi sentensi hiyo usiichape mpaka utoke ofisini kwake. Barua ikiwa na jambo moja lisilo la kweli, msimamizi atalishika hilo.

#29 Bi Mkubwa wa Njiro
Barua ni nzuri, lakini naona umejipunguzia. Ukimpa mkubwa njia mbili atachukua nyepesi, na iliyo nyepesi ni mwenza. Utaishia kuwa na wazee wawili kama Mtoto wa Tengeru, mmoja anatafuta methali, mwingine anazitoa. Kama unataka kubadilishiwa, omba kubadilishiwa.

#30 Mtoto wa Tengeru
Mama amenisemea. Na kuna la ukurasa wa uthibitisho mwanzoni mwa tasnifu, ambapo msimamizi anathibitisha kwa sahihi kwamba ameisoma kazi na kupendekeza itahiniwe. Mkiwa na wawili, kwetu sahihi zote mbili zilihitajika. Mmoja akigoma, kazi haiendi kwa watahini.

#31 Mratibu Mstaafu
Hofu hiyo ni ya kweli, sitaipuuza. Ila mtazame na gharama za upande wa pili. Msimamizi mpya kabisa anaweza kusema hakulipitisha pendekezo hilo na kudai nadharia ibadilishwe, na mwanafunzi ambaye amekwisha kukusanya data akarudi sura ya pili. Msimamizi wa zamani akibaki, anakuwa shahidi wa kazi ya mwanzo. Mimi ningechagua mwenza, huku idara ikiandika kwenye barua ya uteuzi nani msimamizi mkuu na nani ana kauli ya mwisho juu ya uchambuzi. Bila mstari huo, yaliyompata Mtoto wa Tengeru yatajirudia.

Jambo jingine, mleta uzi. Barua ya utambulisho uliyokwenda nayo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na baadaye wilayani, ilikuwa na mada ipi?

#32 Mwana wa Kibosho
Ilikuwa na mada mpya. Mikutano niliyoirekodi ilikuwa baada ya semina.

#33 Mratibu Mstaafu
Vizuri. Ingekuwa na mada ya zamani, kubadili msimamizi lingekuwa tatizo dogo.

#34 Msomi wa Jioni
Mleta uzi, ukienda kwa mzee usianze na barua. Nenda na ule muhtasari wa semina pamoja na ukurasa wenye mstari wa kalamu nyekundu, umuulize angependa uchambuzi wa kipande hicho uende vipi. Huenda akasema mwenyewe kwamba jambo hili linahitaji mtu wa isimujamii. Likitoka kinywani mwake, barua yako inakuwa ya nyote wawili.

#35 Kahawa Chungu
Au akasema, "Methali iko wapi hapa?"

#36 Mwana wa Kibosho
Mrejesho, wakuu. Nilifuata ushauri wa #34. Aliusoma muhtasari kwa muda mrefu, akauliza kama siku ya semina alikuwepo, nikamwambia alituma udhuru kwa kuwa alikuwa anasahihisha mitihani nje ya Moshi. Akasema mada mpya anaifahamu, lakini kwa maoni yake kubadili lugha mkutanini kuna usanii wake na mimi nimeuacha, na kwamba mwanachama aliyerudia swali kwa Kichaga hakuwa anauliza, alikuwa anatamba mbele ya hadhira. Nilimweleza kusudio langu la kuandika. Hakupinga wala hakukubali, alisema tu, "Andika, idara ina wenyewe."

Masijala waliniambia K.K. mratibu inatosha. Nimeikabidhi ikiwa na viambatisho, na nakala yangu imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kikao cha idara bado hakijaitishwa.

#37 Fundi Sanifu
Hilo la kutamba mbele ya hadhira si la kutupa. Liweke kwenye sura ya nne hata kama atakayekuja ni mwingine.

#38 Msomi wa Jioni
Kwa hiyo mzee alikuwa anajua tangu mwanzo. Mnaona sasa kwamba ameumia?

#39 Kahawa Chungu
Alikuwa anasahihisha mitihani nje ya Moshi. Mnaona sasa kwamba amechoka?

#40 Mwana wa Kibosho
Swali langu la mwisho: wakati nasubiri, niendelee kumpelekea sura au nisimame?

#41 Bi Mkubwa wa Njiro
Simama, mwanangu. Ukiendelea utasahihishiwa mara mbili.

#42 Mratibu Mstaafu
Endelea. Mpaka barua mpya ya uteuzi itoke, yeye ndiye msimamizi wako, na ombi lako halitaishia mezani kwa mkuu wa idara. Idara inapendekeza, kamati ya uzamili ya kitivo inapitia, na mahali pengine linakwenda hadi kurugenzi ya masomo ya uzamili, kila hatua kwa ratiba ya vikao vyake. Ukisimama kipindi hicho chote, taarifa ya maendeleo ya muhula huu itakuwa tupu, na utakuwa umempa kila mtu sababu ya kusema kwamba tatizo lilikuwa wewe. Mpelekee sura ya nne iliyorekebishwa pamoja na barua fupi ya kuisindikiza yenye tarehe, na hoja yake ya usanii umeijibu ndani yake, iwe kwa kuikubali au kwa kuipinga kwa data.

#43 Mtoto wa Tengeru
Na ile taarifa ya maendeleo usiandike "maendeleo ni mazuri".